Gramu 30 hapa, gramu 40 pale: kulinganisha lebo mbili za chakula kwa mizani moja

Maboksi mawili ya siriali ya asubuhi yamesimama bega kwa bega kwenye rafu ya supamaketi. La kwanza, tuliite A, limetengenezwa kwa soko la Marekani, na jedwali lake la virutubishi linasema kilokalori 150 na sukari gramu 9. La pili, B, ni la Ulaya, na upande wa mbele limeandikwa kwa herufi za kuonekana: kilokalori 112, sukari gramu 7.2. Mnunuzi mwenye haraka anabeba B akiamini amepunguza sukari. Hajapunguza kitu. Namba alizozilinganisha ni za mabakuli mawili yasiyo sawa, kwa kuwa A imehesabu gramu 40 na B imehesabu gramu 30.

Maboksi haya ni ya mfano, lakini mkanganyiko wake utaukuta dukani Dar es Salaam, Nairobi au Maskati, popote bidhaa za nchi mbalimbali zinapochanganyika kwenye rafu moja. Tutayafuata mpaka mwisho, kwa sababu ndani yake mna karibu mitego yote ya lebo.

Kipimo cha mlo si ushauri

Marekani, jedwali hujazwa kwa kipimo cha mlo mmoja, na kipimo hicho kiwanda hakijipangii. Mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, imegawa vyakula kwa makundi na kulipa kila kundi uzito wake wa rejea. Siriali nyepesi zilizojaa hewa zina gramu 15, za uzito wa kati gramu 40, na zile nzito za kujaza tumbo gramu 60. Uzito huo uliwekwa kwa kuangalia watu hula kiasi gani kwa kawaida, si kiasi gani kinafaa. Anayedhani gramu 40 ni agizo la mtaalamu wa lishe amesoma kisichoandikwa.

Umoja wa Ulaya una kanuni namba 1169 ya mwaka 2011, inayotaka namba zitolewe kwa gramu 100 au mililita 100. Safu ya mlo mmoja ni ya hiari, na ukubwa wake hupangwa na mwenye bidhaa. Hapo ndipo gramu 30 zinapopendwa: mlo ukipunguzwa, kila namba inayofuata inapungua nayo, na boksi linapendeza bila mapishi kuguswa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuachana na safu za mlo na kuyapeleka maboksi yote mawili kwenye gramu 100. B imeshatufanyia kazi hiyo kwenye safu yake ya lazima. Kwa A, gawanya 100 kwa uzito wa mlo: 100 ÷ 40 ni 2.5. Hicho ndicho kizidishio, na unakitumia kwa kila mstari wa jedwali. Kilokalori 150 zinakuwa 375. Sukari gramu 9 inakuwa 22.5. Nyuzinyuzi gramu 3 zinakuwa 7.5. Kama lebo inataja mlo kwa kikombe au vijiko, usihangaike na kikombe. Tafuta uzito wa gramu ulio pembeni yake, maana kikombe cha siriali nyepesi na kikombe cha siriali nzito havina uzito mmoja.

Sasa soma safu ya B: nishati kJ 1,580 na kcal 373, mafuta gramu 2, wanga gramu 78, sukari gramu 24, nyuzinyuzi gramu 5.5, protini gramu 8, chumvi gramu 0.90. Ile kJ 1,580 huwashtua wengi kwa sababu imetangulizwa mbele. Ni nishati ileile kwa kipimo kingine. Kilokalori moja ni sawa na kilojuli 4.184. Ukikuta lebo yenye kilojuli peke yake, gawanya kwa 4.2 na utakuwa umefika karibu vya kutosha. Nishati ya A ni 375 na ya B ni 373. Yule mnunuzi aliyeona 150 dhidi ya 112 alikuwa anaangalia tofauti ya uzito tu.

Neno moja, maana mbili

Kuhamia gramu 100 hakutoshi, kwa sababu mistari miwili ya jedwali haimaanishi kitu kimoja pande zote.

Mstari wa kwanza ni wa chumvi. A imeandika sodiamu miligramu 190, B imeandika chumvi gramu 0.90. Jicho linaona 190 kubwa na 0.90 ndogo, na uamuzi umeshapita. Anza na kipimo: miligramu 190 ni gramu 0.19, kwa hiyo sasa 0.19 ndiyo inayoonekana ndogo, na hiyo nayo si kweli. Sodiamu ni sehemu tu ya chumvi. Ili kupata chumvi, zidisha sodiamu kwa 2.5. Twende hatua kwa hatua: miligramu 190 za mlo wa gramu 40 zinakuwa 475 kwa gramu 100, zidisha tena kwa 2.5, unapata miligramu 1,188, yaani chumvi gramu 1.2 hivi. B ina 0.90. Kumbe A ndiyo yenye chumvi zaidi, kwa karibu theluthi moja. Vizidishio viwili vimefanana hapa kwa bahati tu: cha kwanza kinatokana na mlo wa gramu 40 na kitabadilika na boksi, cha pili ni cha kudumu. Hili ndilo linalowachanganya wanaofanya hesabu kichwani. Wanazidisha mara moja na kudhani wamemaliza.

Mstari wa pili ni wa wanga. A inasema gramu 33 kwa mlo, yaani 82.5 kwa gramu 100. B inasema 78. Anayehesabu wanga kwa ajili ya kisukari ataona B ni nafuu. Lakini kwenye lebo ya Marekani, jumla ya wanga huwa na nyuzinyuzi ndani yake. Kwenye lebo ya Ulaya nyuzinyuzi zimeshatolewa na kupewa mstari wake. Ili kuwa sawa, toa nyuzinyuzi kwenye A: 82.5 kutoa 7.5 ni 75. B inabaki 78, na usitoe kitu, kwa sababu ukitoa 5.5 utakuwa umezitoa mara mbili. Kosa hilo la kutoa mara mbili hutokea sana kwa watu waliojifunza kuhesabu wanga kwa vitabu vya Marekani kisha wakanunua bidhaa za Ulaya.

Kuna njia rahisi ya kugundua jedwali ni la mtindo gani pale ambapo nchi haijulikani. Ijumlishe nishati mwenyewe: wanga na protini kilokalori 4 kwa kila gramu, mafuta 9, nyuzinyuzi 2. Kwa B: 78 mara 4 ni 312, protini 8 mara 4 ni 32, mafuta 2 mara 9 ni 18, nyuzinyuzi 5.5 mara 2 ni 11. Jumla 373, sawasawa na ilivyoandikwa, kwa hiyo nyuzinyuzi hazimo ndani ya wanga. Zingekuwa zimo, hesabu hii ingezidi namba ya kwenye lebo kwa kilokalori 22, yaani gramu 5.5 mara 4. Kwa chakula chenye nyuzinyuzi chache kipimo hiki hakisemi kitu, tofauti inapotea ndani ya makadirio.

Tofauti ipi ni ya kweli?

Hadi hapa tuna picha hii, yote kwa gramu 100 za siriali kavu:

| | A | B |
|---|---|---|
| Nishati (kcal) | 375 | 373 |
| Wanga bila nyuzinyuzi (g) | 75 | 78 |
| Sukari (g) | 22.5 | 24 |
| Nyuzinyuzi (g) | 7.5 | 5.5 |
| Chumvi (g) | 1.2 | 0.9 |

Je, A ina sukari kidogo kuliko B? Kabla ya kujibu, rudi kwenye namba ya awali. Ile gramu 9 ya A imekadiriwa: sheria ya Marekani inataka sukari iandikwe kwa gramu nzima. Kiwanda chenye gramu 8.6 kinaandika 9, na chenye 9.4 kinaandika 9 pia. Ukizidisha kwa 2.5, kosa nalo linazidishwa, kwa hiyo sukari ya A inaweza kuwa popote kati ya 21.3 na 23.7 hivi. Juu ya hayo, wakaguzi wenyewe huacha nafasi kati ya kilichoandikwa na kinachopimwa maabara, kwa kuwa mazao na mapishi hayatoki sawa kila siku. Mwongozo wa Ulaya huruhusu asilimia 20 juu au chini kwa sukari iliyo kati ya gramu 10 na 40. Kwa sukari, basi, haya maboksi mawili ni sare, na atakayekuambia vingine anauza mojawapo.

Jambo hili linachekesha zaidi ukileta rangi za Waingereza, zile nyekundu, njano na kijani za mbele ya pakiti. Kwa chakula, sukari inayozidi gramu 22.5 kwa gramu 100 ni nyekundu. A ikiwa 22.5 kamili ingepata njano, B yenye 24 ingepata nyekundu. Rangi mbili tofauti kwa siriali ambazo hata maabara ingepata tabu kuzitenganisha.

Nyuzinyuzi ni habari nyingine. Gramu 3 za A nazo zimekadiriwa, lakini hata ukichukua upande wa chini kabisa, 2.5 kwa mlo, unapata 6.25 kwa gramu 100, bado juu ya 5.5 ya B. Tofauti hiyo inasimama. Ya chumvi pia inasimama, maana sodiamu hukadiriwa kwa miligramu 10 na kosa lake ni dogo. Kanuni tunayoifuata ni hii: chukua namba ya mlo kama ilivyoandikwa, ipunguze na uiongeze nusu ya hatua yake ya kukadiria, kisha zidisha. Kama jibu la chini na la juu yote yako upande mmoja wa mshindani, tofauti ipo. Kama mshindani ameangukia katikati, au amepitwa kwa nywele, sahau mstari huo.

Kukadiria huko ndiko kunakozaa sifuri za uongo. Marekani, mafuta ya transi yakiwa chini ya nusu gramu kwa mlo huandikwa 0. Mlo wa gramu 14 wenye gramu 0.4 utaandikwa sifuri, ilhali kwa gramu 100 ni karibu gramu 2.9. Sifuri haizidishiki, hata ukiipeleka kwenye gramu 100 inabaki sifuri, kwa hiyo hapo jedwali limefika mwisho na unageukia orodha ya viambato. Kadiri mlo ulivyo mdogo, ndivyo sifuri yake inavyostahili kushukiwa.

Kisha rudisha hesabu kwenye bakuli lako. Weka bakuli tupu kwenye mizani ya jikoni, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, mimina siriali kama unavyomimina siku zote bila kujibana. Tuseme imekuja gramu 65. A inakupa sukari gramu 14.6, B gramu 15.6, hiyo gramu moja ni kama robo ya kijiko cha chai. Nyuzinyuzi ni 4.9 dhidi ya 3.6. Chumvi ni 0.77 dhidi ya 0.59, tofauti ya gramu 0.18, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku nzima. Kwa maoni yetu, asiye na shida ya presha achague A kwa ajili ya nyuzinyuzi; aliyeambiwa apunguze chumvi ana sababu ya kuchukua B. Na kwa wote wawili, bakuli la gramu 65 lina uzito mkubwa kuliko chaguo la boksi.

Kikavu kwa kikavu, kilichochanganywa kwa kilichochanganywa

Baadhi ya maboksi ya siriali yana safu ya tatu: pamoja na maziwa. Iache. Maziwa yanaongeza protini na sukari yake ya asili, na boksi jingine halikuyahesabu. Kwa siriali, kikavu kwa kikavu.

Kwa juisi ya kuongezwa maji mambo yanageuka, kwa sababu hakuna anayeinywa ilivyo. Chupa ya juisi nzito imeandika sukari gramu 40 kwa mililita 100. Pakiti ya juisi iliyo tayari imeandika 10.5. Ukilinganisha hivyo, ya chupa inaonekana balaa. Lakini maelekezo yanasema sehemu moja ya juisi kwa sehemu nne za maji. Moja na nne ni tano, kwa hiyo unagawanya kwa 5, na unapata gramu 8. Wengi hugawanya kwa 4 kwa kuwa ndiyo namba waliyoiona, wakapata 10, na wakadhani juisi hizo ni sawa. Ila jiulize nyumbani wanachanganya vipi kweli. Watoto wakizoea moja kwa tatu, ugawanye kwa 4, na hapo 10 ndiyo jibu sahihi. Angalia pia kama lebo ya chupa imeshakupa namba za juisi iliyochanganywa. Zipo zinazoandika hivyo, na ukigawanya tena utakuwa umenywa maji.

Kwa samaki wa kopo kuna uzito wa jumla na uzito baada ya kumwaga mafuta au maji. Hakikisha majedwali yote mawili yanazungumzia samaki waliochujwa, la sivyo unalinganisha samaki na mafuta ya kopo.

Pale gramu 100 zenyewe zinapodanganya

Gramu 100 ni mizani nzuri kwa vyakula vya jamii moja. Ukivuka kwenda kwenye vyakula vyenye maji tofauti, inapinda. Chukua mkate wa slesi wenye chumvi gramu 1.1 na kilokalori 250 kwa gramu 100, na mkate mkavu wa kutafuna wenye chumvi gramu 1.5 na kilokalori 410. Mkate laini unaonekana bora. Lakini sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na mtu hali gramu 100 za kikavu kwa urahisi anaokula za kilaini. Ukitaka kujua chumvi unayopata kwa shibe ileile, gawanya chumvi kwa kilokalori, kisha zidisha kwa 100. Mkate laini: 1.1 ÷ 250 × 100 ni gramu 0.44. Mkavu: 1.5 ÷ 410 × 100 ni gramu 0.37. Mpangilio umegeuka. Hesabu hii haifai kwa kila kitu. Kwa kachumbari ya kopo au mchuzi wa soya, ambavyo karibu havina nishati, itakupa majibu ya ajabu, na huko uzito wa kijiko unachotumia ndio wa kuangalia.

Kisichoonekana kwenye jedwali

Mstari wa sukari unahesabu sukari za aina zote ndogondogo, zikiwemo za maziwa na matunda. Hauhesabu maltodekstrini, wanga uliovunjwavunjwa ambao mwili huugeuza kuwa glukosi kwa kasi sana. Bidhaa inaweza kushusha mstari wa sukari kwa kubadilisha sehemu yake na maltodekstrini, na wanga wa jumla ukabaki palepale. Ukiona sukari imeshuka lakini wanga haujashuka, soma viambato. Hupangwa kuanzia kilicho kizito zaidi wakati wa kuchanganya, kwa hiyo nafasi ya tatu ina maana kubwa kuliko ya kumi. Ila hata mpangilio huo unachezewa: sukari, sharubati ya glukosi na asali zikiandikwa kila moja peke yake, kila moja inashuka chini, wakati zikijumlishwa huenda zingepanda hadi nafasi ya pili.

Na mtindi ndio mahali ambapo mstari wa sukari unawaonea wasio na hatia. Mtindi usiotiwa kitu huwa na sukari gramu 4 hadi 5 kwa gramu 100, yote ikiwa ni laktosi ya maziwa. Ukikuta mtindi wa vanila wenye gramu 12, na lebo yake haitaji sukari iliyoongezwa kama zinavyolazimika kutaja za Marekani, toa hizo 4 au 5. Iliyotiwa ni gramu 7 au 8 hivi. Kwa kikombe cha gramu 150 hiyo ni gramu 11 hadi 12, vijiko vya chai vitatu. Wenye matunda hauhesabiki kwa usafi huu, kwani tunda nalo lina sukari yake, lakini ukisoma asilimia ya tunda kwenye viambato na kukuta 6, tunda hilo haliwezi kuwa limeleta hata gramu moja na nusu.